Kisima, tope na kamba

Jumapili jioni binti ya kaka yangu alikuja na daftari lake la Kiswahili, yuko kidato cha tatu, wamepewa homuwaki ya kutafuta shairi lolote na kuchambua tamathali za usemi. Nikampa langu, nililiandika miaka mitatu iliyopita na sikuwahi kumuonyesha mtu. Ubeti wa kwanza ndo huu:

Kisima chetu cha zama, maji yake kama kio,
Kijiji chateka hima, wake kwa waume mbio,
Kamba yaomba huruma, hakuna mwenye sikio,
Kisima ni wetu mama, tope lamjaa koo.

Akasoma mara moja tu akaandika: "Mshairi ametumia tashbihi, sitiari, taashira na istiara ili kuvutia msomaji." Basi, peni chini. Nikamuuliza tashbihi iko wapi, akanionyesha "kama". Nikamuuliza sitiari na istiara zinatofautianaje, akanyamaza, na sikumlaumu hata kidogo manake haya majina yanachanganya kweli. Sitiari na istiara zote zimetoka kwenye neno moja la Kiarabu lenye maana ya kuazima, na ukifungua vitabu viwili tofauti unaweza kukuta kimoja kinaita sitiari kitu ambacho kingine kinaita istiara. Taashira nayo hivyo hivyo, wengine wanasema ishara tu, na wapo wanaoitumia taashira kwa jambo jingine kabisa. Mi nilimwambia tumia jina analotumia mwalimu wako, lakini uelewe kazi yenyewe, ili hata jina likibadilika usipotee.

Tukaanza na tashbihi kwa sababu inajieleza yenyewe. Si tunasema mtoto kamshabihi babake? Ndo hiyo hiyo, kushabihisha. Kuna vitu viwili, maji na kio, na katikati kuna daraja la "kama" (ingeweza kuwa mithili ya, ja, au sawa na), kila kimoja kimebaki upande wake. Ila hiyo "kama" inawaponza wengi sana. Ukisema "walikuja watu kama hamsini" hapo unakadiria tu, ukisema "kama mvua itanyesha" hilo ni sharti, na ukisema "kisima chao ni kama chetu" umelinganisha kisima na kisima, hamna picha yoyote iliyozaliwa hapo. Lazima vitu viwe vya jinsi mbili tofauti halafu vikutane kwenye sifa moja. Maji na kio vinakutana wapi? Akafikiri kidogo akasema vyote ukiinama unajiona uso. Nikamwambia hiyo sasa ndo sentensi ya kuandika kwenye jibu, si "kuvutia msomaji", hayo ya kuvutia msomaji unaweza kuyabandika kwenye shairi lolote duniani na hayatakuwa yamesema kitu.

Mshororo wa nne daraja limeng'olewa. "Kisima ni wetu mama." Sifa za mama zimeazimwa zikavishwa kisima moja kwa moja, hiyo ni sitiari. Halafu tope lipo hapo hapo pembeni yake na yeye alikuwa amelipiga mstari kwamba nalo ni sitiari, nikamwambia hapana, hebu jaribu kusoma kavu kavu, kana kwamba hujui kuna fumbo. Kisima ni mama, ni kweli? Si kweli, kisima hakizai. Sasa kisima kina tope, ni kweli? Ndio, kisima kisipozolewa kinajaa tope, hata kwetu kilijaa. Tofauti iko hapo. Sitiari ukiichukua neno kwa neno inakataa, lakini ishara inakubali, tope linabaki tope la kweli la kunuka na huku linabeba jambo jingine juu yake. Ndo maana ishara ni ngumu kuiona, haikupigii kelele, unaweza kuipita ukadhani ni maelezo tu. Mimi dalili ninayoiangalia ni kama kitu kimepewa uzito kuliko kazi yake, mfano tope hapa limewekwa mwisho kabisa wa ubeti, na halikujaa kisima, limejaa koo. La nini kutaja koo kama ni tope tu?

Akasema, basi istiara ni ishara nyingi nyingi? Karibu, lakini wingi peke yake hautoshi. Nikamuonyesha ubeti wa pili unaoanza hivi: "Wana wake wamehama, wana mabomba ya kwao," kisha unaendelea kwamba nyasi zimeota njia ya kisimani, na ubeti wa tatu mvua inakosa kunyesha, mabomba yanakauka, watu wanarudi na ndoo kukuta kisima kimefukiwa. Nikampa karatasi aigawe pande mbili, kushoto aandike yaliyomo kwenye hadithi, kulia aandike yanayosimamiwa. Kisima, mama. Maji, malezi. Wana waliohama, watoto walioenda mjini. Mabomba, mishahara yao. Nyasi njiani, miaka bila kumtembelea. Ukame, siku ya shida. Unaona, upande wa kulia peke yake ukiusoma kutoka juu kwenda chini nao ni hadithi kamili, inatembea kwa mpangilio ule ule wa kushoto. Hapo ndo tunasema istiara, hadithi nzima imebebwa na hadithi nyingine. Kingekuwa kitu kimoja tu kinachosimamia kingine tungeishia kwenye ishara. Na ule mshororo wa "Kisima ni wetu mama" ndo ufunguo, bila huo msomaji angeweza kusoma beti zote tatu akidhani ni malalamiko ya maji kijijini, na asingekuwa amekosea sana.

Ndoo ilimsumbua, alitaka nayo aipe maana. Nikamwambia iache. Si kila kitu upande wa kushoto lazima kipate mwenzake, ukilazimisha utaanza kutunga shairi lako badala ya kusoma lililopo. Kila unachokiweka kulia uwe na mshororo wa kukitetea.

Akakaa kimya muda, akiangalia karatasi. Halafu akaniuliza taratibu, "Shangazi, huyu si nyanya?"

Nikashindwa kujibu haraka. Ni nyanya yake ndio, mamangu, yuko Kilifi, na mi ni mmoja wa hao wenye mabomba, niliyaandika yale nikiwa nimekaa miezi kumi na moja bila kwenda. Nikamwambia ndio, ni yeye, lakini kwenye jibu usiandike nyanya, andika mama, kwa sababu shairi limesema mama.

Akarudi kwenye "Kamba yaomba huruma". Hapo alikuwa ameandika tashihisi, sawa kabisa, kamba imepewa uombaji wa binadamu. Lakini akasema kamba nayo iingie kwenye jedwali. Mi wakati naandika sikuiweka kamba iwe mtu, niliisikia tu inalia kwenye kapi. Nikamwambia nitetee. Akasema, kamba ndo inayoshuka mle ndani kila siku, wengine wote wanasimama juu, na inachoka na hakuna anayeisikia, kwa hiyo ni yule anayebaki na mama nyumbani.

Dada yangu mdogo ndo yuko naye. Miaka sita sasa.

Nikamwambia andika. Akaandika, upande wa kushoto kamba, upande wa kulia binti aliyebaki, na pembeni akaweka namba ya mshororo, 3.