Tumefunga kazi leo

Yule jamaa anayetukodisha vifaa hana haraka hata kidogo, jamani.

Leo tumerudisha kamera na lenzi za ile filamu fupi ya wavuvi wa Kunduchi. Akashika lenzi moja moja, akafungua tundu hadi mwisho, akamulika kwa tochi ya simu kutokea nyuma. Vumbi kidogo halimsumbui, anatafuta ukungu na mikwaruzo.

Kisha akaisogeza sikioni na kuzungusha pete ya fokasi taratibu.

"Mmetoka baharini, nasikiliza mchanga."

Nami nikabana pumzi! Kimya. Akatia saini, dhamana yetu ikarudi.

Kadi za kamera ndizo tulizorudisha mwisho. Hatukuzifuta mpaka kila faili iwe kwenye diski mbili, na namba zake za uhakiki zilingane na za kwenye kadi. Kulinganisha ukubwa wa folda peke yake hakutoshi, faili inaweza kuwa na ukubwa uleule na ndani imeharibika. Diski moja iko ofisini, nyingine naihifadhi kwa dada.

Mteja alikuwa na nakala yenye nembo yetu katikati ya picha. Masta safi ya ProRes 422 HQ, pamoja na toleo lisilo na maandishi, nimemtumia mchana, salio lilipoingia. Amekata kodi ya zuio 5%, sawa, ila cheti chake nitakidai hadi nikipate.

Jioni hii nawalipa vijana wa sauti na taa.

Nyie wenzangu, mnawalipa vijana kwanza au mnasubiri mteja?