Mstari wa Kalangala

Juzi tulikuwa ufukweni Entebbe, mwanangu akaniuliza kwa nini wote wako pekupeku ila mimi tu na kandambili zangu. Nikamwambia asubiri tufike nyumbani, maana habari yenyewe si ya kusimulia watu wakila samaki.

Ni ya safari ile ya Kalangala, kabla hajazaliwa. Nilivuka kwa feri ya Nakiwogo hadi kisiwani kufuata mukene, wale dagaa wa Ziwa Victoria. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, kandambili zikawa zinanasa topeni, nikazivua na kushinda mwaloni bila viatu. Muda mwingi nilikaa kivulini, pembeni mwa mitumbwi iliyopinduliwa, mchanga ukiwa bado mbichi. Mbwa wa mwaloni nao walipapenda hapo hapo.

Usiku ule wayo wa kushoto uliniwasha, nikasingizia mbu. Nilipokwisha kurudi Kampala, pale palipowasha pakachomoza mstari mwekundu, umeinuka kidogo, upana wake hauzidi milimita tatu. Ulianzia karibu na kisigino ukapinda kuelekea ndani ya mguu, ukarudi, ukapinda tena. Mchana nilikuwa naweza kuusahau. Usiku, mwili ukishapata joto la blanketi, niliamka najikuna hadi machozi.

Kliniki moja ya mtaani wakanipa dawa ya choa. Nikapaka kwa uaminifu. Lakini choa hutanuka duara na kuacha magamba. Huu wangu ulikuwa unasafiri.

Bibi mwenye nyumba yangu hakukubaliana na kliniki. Kwake kila kinachowasha mguuni ni funza, na funza hutolewa kwa sindano. Jioni moja akaniketisha barazani, akaunguza ncha ya sindano kwenye kibiriti, akauweka mguu wangu mapajani mwake na kumwita mjukuu wake amulike tochi.

"Tulia, mwanangu. Nimetoa wengi kuliko huyu."

Akachokonoa pale mstari ulipoishia. Pakatoka tone la maji na damu kidogo. Akasogea nyuma kidogo, akachokonoa tena. Hakuna kitu. Funza angeonekana: hukaa mahali pamoja, ana kidoa cheusi katikati, na ngozi inayomzunguka huvimba. Hapa hapakuwa na kidoa. Bibi alivua miwani, akaifuta kwa leso, akaivaa tena, akauinamia wayo hadi nikahisi pumzi yake. Mjukuu alichoka, mwanga wa tochi ukaanza kuhamia ukutani. Mwishowe Bibi akaniomba kalamu. Akachora kistari cha wino palipoishia wekundu, akasema, "Kesho tutajua kama anatembea."

Asubuhi wekundu ulikuwa umeuvuka wino kwa upana wa ukucha.

Ndipo nikaenda kituo cha afya. Daktari alitazama mguu, akautazama ule wino, akacheka. "Nani alichora? Amefanya kazi nzuri." Kisha akaniuliza kama nimekanyaga mchanga wenye unyevu ambako mbwa au paka hujisaidia.

Akanieleza kwamba ni mnyoo wa safura, ila wa mbwa na paka, si wetu. Mayai hutoka na kinyesi, huanguliwa kwenye mchanga wenye joto na unyevu, na baada ya kama wiki moja kijinyoo kinakuwa tayari kupenya ngozi. Kikimpata mbwa hupita hadi kwenye damu, kikaenda mapafuni na kuishia utumbo mwembamba. Kwa binadamu hukwama. Hakina uwezo wa kutoboa tabaka la chini la ngozi, basi hubaki kinazurura juu juu, milimita chache kwa siku, wakati mwingine sentimita moja au mbili. Na tunachokiona ni kule kilikopita. Chenyewe huwa kimekwisha tangulia mbele, kwenye ngozi ambayo bado inaonekana salama. Sindano ya Bibi ilikuwa inachimba njia, msafiri hayupo.

Nikamwuliza kama ningekiacha. Akasema kingekufa chenyewe, wiki kadhaa au hata miezi, lakini kucha zangu zingekuwa zimeshaingiza usaha. Akanipa albendazoli ya miligramu 400, kidonge kimoja kwa siku, siku tatu, nimeze pamoja na chakula chenye mafuta kidogo. Mwasho ulianza kulegea kabla vidonge havijaisha. Mstari ukakauka, ukageuka kahawia, ukabambuka.

Mpaka leo sijui nilaumu nini, tope, kivuli au wale mbwa ambao hakuna aliyewahi kuwapa dawa ya minyoo. Bibi hana mashaka hayo. Anashikilia kwamba yule alikuwa funza wa kisiwani, wana mbio, na angemtoa kama mjukuu angeishika tochi vizuri.