Viza tatu kwa mgonjwa mmoja: nilivyompeleka Mama India kutoka Lamu

Mama alikuwa na umri wa miaka 58 madaktari walipotwambia kuwa vali ya moyo wake iitwayo mitrali imeziba kiasi kwamba dawa peke yake hazitatosha. Eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, iliyofanywa Mombasa ilionyesha tundu la vali lenye upana wa sentimita 0.9 za mraba, na chini ya 1.5 huhesabiwa kuwa ziba kubwa. Daktari wake alipendekeza vali ibadilishwe, na familia ikakubaliana kwamba afanyiwe Mumbai. Naandika namna karatasi zilivyopatikana, hasa viza za wasindikizaji, kwa kuwa hapo ndipo niliona jamaa wengi wa huku kwetu wakikwama hali mgonjwa wao ana kila kitu mkononi.

Kazi yote huanzia kwenye barua ya hospitali. Hospitali ya India haiandiki barua kwa kuambiwa tu kuwa mtu anaumwa moyo. Hutaka ripoti ya eko, kipimo cha umeme wa moyo, picha ya kifua, vipimo vya damu, orodha ya dawa anazotumia na nakala ya ukurasa wa pasipoti wenye picha. Tulipeleka pia picha za eko zenyewe, zile zinazotembea, zilizokuwa kwenye sidii, kwa sababu mpasuaji hupenda kuiona vali inavyofunguka kuliko kusoma maelezo ya mwenzake. Nyaraka zote nilizituma kwa barua pepe kwa idara ya wagonjwa wa kigeni, nikiwa nimehakikisha kwanza kuwa anwani ya barua pepe inalingana na ile iliyomo katika tovuti rasmi ya hospitali. Madalali ni wengi, na baadhi yao hutuma barua nzuri yenye nembo ambayo hospitali yenyewe haiijui.

Zikarudi nyaraka mbili, na ni muhimu kuzitenganisha. Ya kwanza ilikuwa barua ya mwaliko wa matibabu, ambayo ndiyo ya kuombea viza. Ya pili ilikuwa makadirio ya gharama, ambayo afisa wa viza anaweza kuyataka lakini faida yake kubwa ni kwa mlipaji.

Barua ya kwanza haikutufaa. Jina la Mama lilikuwa limechukuliwa kwenye ripoti ya eko, na ripoti hiyo ilifuata kadi yake ya zahanati yenye majina mawili, hali pasipoti ina matatu. Huku kwetu jambo hili ni la kawaida sana: mtu mmoja ni Fatma kwenye kadi ya kliniki na Fatuma kwenye kitambulisho, na jina la babu huonekana pengine na pengine lisionekane. Anayekagua ombi la viza hana njia ya kujua kuwa huyo ni mtu mmoja. Zaidi ya hayo, barua ilisema mgonjwa atakuja “na msindikizaji”, bila jina wala namba ya pasipoti, nasi tulikuwa wawili, mimi na dada yangu.

Dada alishika msimamo mmoja tangu mwanzo: “Kaka, wodini kwa wanawake nitalala mimi. Wewe utakimbizana na bili na dawa.” Alikuwa na haki. Mama asingekubali kuoshwa na kubadilishwa nguo mbele ya mwanawe wa kiume, na mtu aliyepasuliwa kifua huhitaji msaada wa namna hiyo kwa siku kadhaa. Kwa hiyo niliiandikia hospitali, nikaambatisha kurasa za pasipoti zote tatu, na kuomba barua iandikwe upya ikiwa na mambo haya: jina kamili la mgonjwa kama lilivyo kwenye pasipoti, namba ya pasipoti yake, ugonjwa na upasuaji utakaofanywa, tarehe ya kulazwa, muda unaotarajiwa kukaa India, kisha majina na namba za pasipoti za wasindikizaji wawili pamoja na uhusiano wao na mgonjwa. Barua ya pili ilikuja sawa. Ninashauri mtu asiguse fomu yoyote kabla barua haijafikia hali hiyo, kwa kuwa kila kinachofuata hunakiliwa kutoka humo.

Wakenya wanaweza kuomba viza ya India kwa njia ya mtandao kupitia indianvisaonline.gov.in. Anwani ya serikali huishia na .gov.in, zipo kurasa nyingine zinazofanana nayo sana ambazo hutoza ada juu ya ada. Ndani yake mgonjwa huchagua e-Medical Visa na msindikizaji huchagua e-Medical Attendant Visa. Hizi ni fomu tofauti na vibali tofauti, na kila moja hulipiwa peke yake. Hakuna viza ya familia inayowabeba wote, na kumwombea msindikizaji viza ya utalii kwa sababu inaonekana nyepesi si jambo la kulifanya, maana kibali chake hakitakuwa kimefungamana na cha mgonjwa, na ikihitajika kuongeza muda mgonjwa atabaki na mwangalizi aondoke.

Mgonjwa mmoja anaruhusiwa wasindikizaji wasiozidi wawili. Fomu ya msindikizaji hutaka taarifa za mgonjwa, ikiwemo pasipoti yake na namba ya ombi lake au ya viza yake. Kwa hiyo utaratibu ni mmoja tu: mgonjwa kwanza. Nilijaza ya Mama, nikalipia, nikaandika namba ya ombi lake kwenye daftari, halafu ndipo nikajaza ya dada na yangu. Tulikuwa na vyeti vya kuzaliwa vya sote wawili vyenye jina la Mama, kama uhusiano ungeulizwa.

Picha zilitutaabisha kuliko maswali ya fomu. Mfumo hutaka picha ya mraba, urefu sawa na upana, yenye mandhari meupe, uso mzima ukiangalia mbele, macho wazi na bila miwani. Mama alipiga ya kwanza akiwa na mtandio mweupe, na kichwa chake kikapotelea ukutani. Mpiga picha akamwomba avae wa rangi ya kahawia, akausogeza kidogo nyuma ili paji la uso na kidevu vionekane vyote, na hiyo ikakubaliwa. Ukurasa wa pasipoti hupakiwa kama PDF yenye uzito mdogo, usiozidi kilobaiti 300, hivyo kijana wa saiba ilimbidi aupunguze bila kuufifiza maandishi. Pasipoti yenyewe lazima iwe na uhai wa miezi 6 na zaidi pamoja na kurasa mbili tupu. Ya Mama ilikuwa karibu kuisha, nasi tuliishughulikia mapema wakati vipimo vikiendelea.

Ombi la viza hii lapasa kuingizwa angalau siku 4 kabla ya kufika, lakini kwa mgonjwa huo ni muda mfupi mno, na sisi tuliomba wiki kadhaa kabla. Kibali kikitoka hali ya ombi husomeka Granted, yaani limekubaliwa, nacho huchapishwa na kubebwa. Kinaruhusu kukaa siku 60 tangu kuingia mara ya kwanza, na cha msindikizaji hufuata muda wa kile cha mgonjwa. Kwa upasuaji wa vali siku hizo zinatosha. Mwenye matibabu ya miezi mingi, kama mizunguko mirefu ya dawa za saratani, ni bora aulizie mapema viza ya kawaida ya matibabu kwenye ubalozi mdogo wa India ulioko Mombasa.

Kuna cheti cha homa ya manjano pia, ambacho India humtaka kila atokaye Kenya, na chanjo huhesabika kuanzia siku ya 10 baada ya kuchomwa. Wasindikizaji nao ni lazima wawe nacho. Kwa mgonjwa wa moyo mwenye dawa nyingi, muulize daktari wake kabla ya sindano.

Sasa makadirio. Yetu yalisema dola 7,800, yakijumuisha vali ya chuma, upasuaji na siku 10 hospitalini, 3 kati yake zikiwa katika chumba cha wagonjwa mahututi. Nilisoma sehemu ya chini iliyoandikwa kwa herufi ndogo, kwani huko ndiko huandikwa yasiyojumuishwa: vipimo vya kabla ya upasuaji, damu, siku za ziada, na dawa za kuondoka nazo. Chumba kilikuwa na kitanda cha msindikizaji mmoja tu, kwa hiyo malazi yangu yalikuwa juu yangu. Niliandika kuuliza mambo mawili: siku moja ya ziada katika chumba cha mahututi ni kiasi gani, na je, mtu wa umri wa Mama atahitaji kupigwa picha ya mishipa ya moyo kwanza. Wakajibu dola 220 kwa siku, na kwamba ndiyo, picha hiyo itahitajika kwa dola 400. Jibu hilo lilitufanya tutenge dola 2,000 pembeni. Jambo jingine walilolitaka ni meno yakaguliwe, kwa kuwa jino bovu huweza kupeleka vijidudu kwenye vali mpya. Tulilimaliza kabla ya kuondoka, likatupunguzia gharama na siku.

Amana tulituma kutoka benki moja kwa moja hadi akaunti yenye jina la hospitali, si la mtu, tukahifadhi stakabadhi.

Safari ilianzia gatini kwa mashua hadi kisiwa cha Manda kwenye uwanja wa ndege, na Mama alipumzika mara mbili kwenye ngazi. Kiti cha magurudumu tulikuwa tumekiomba kwa shirika la ndege tulipokata tiketi. Uwanjani Mumbai tulisimama pamoja dirisha moja. Afisa aliulizia barua ya hospitali, akalinganisha majina yetu wawili na yaliyomo, akachukua alama za vidole.

Baada ya upasuaji mapigo ya Mama yalienda kombo, jambo linalotokea mara nyingi kwa wagonjwa wa vali, na akakaa siku 2 zaidi katika chumba cha mahututi. Bili ya mwisho ilikuwa dola 8,640, yaani makadirio pamoja na siku hizo mbili na ile picha ya mishipa, kitu kwa kitu kama tulivyoelezwa. Kabla ya kuondoka tulidai muhtasari wa matibabu, kadi ya vali yenye aina na namba yake, na barua ya daktari kuwa anaweza kupanda ndege.

Marejeo ya miezi 6 yangelazimu barua mpya na viza mpya kwa sote watatu. Mpasuaji alikubali eko ifanywe Mombasa na picha zitumwe kwake, na kipimo cha kuganda kwa damu, ambacho mwenye vali ya chuma hukifanya maisha yake yote kwa ajili ya dawa ya kuzuia damu isigande, kifuatiliwe na daktari wake wa hapa.