Barua Pepe ya Usiku wa Mvua

Saa nane za usiku, ndoo ikilia to, to, to pembeni ya kitanda, nilimwandikia mwenye nyumba wangu barua pepe ya hasira. Nashukuru sikuituma. Asubuhi nilipoisoma niliona haina hata neno moja la kumsaidia fundi: panavuja wapi, tangu lini, kiasi gani.

Nikaifuta, nikaanza kukagua. Doa la kahawia darini lilikuwa na duara ndani ya duara, dalili kwamba palishalowa na kukauka zaidi ya mara moja. Nikapiga picha mbili, ya karibu na ya chumba kizima, kwa sababu picha ya doa peke yake haimwonyeshi mtu lilipo. Kilichonitisha ni taa: doa lilikuwa limeikaribia. Sikuiwasha tena.

Jumatatu nikatuma hii, yenye kichwa "Paa la chumba cha kulala linavuja: naomba ukaguzi kabla ya Ijumaa":

"Shikamoo Mzee. Paa la chumba cha kulala linavuja; maji nimeyaona tangu Jumamosi tarehe 6. Maji yanadondoka karibu na ukuta wa dirishani, na mvua ya usiku mmoja ilijaza nusu ndoo. Doa limekaribia taa, kwa hiyo nimeacha kuiwasha. Picha nimeambatisha. Naomba fundi aje kukagua kabla ya Ijumaa tarehe 12, na matengenezo yakamilike kufikia Ijumaa tarehe 26. Jioni nipo nyumbani kuanzia saa kumi na moja, Jumamosi kutwa. Tafadhali nijulishe siku itakayokufaa."

Mwanzoni niliandika "haraka iwezekanavyo", nikayafuta maneno hayo. Haraka yangu ilikuwa usiku uleule. Yake ingeweza kuwa mwezi ujao. Tarehe nilizigawa mbili kwa makusudi: maji karibu na umeme hayangojei, lakini kuziba paa kunahitaji bati lililokauka, maana likilowa linateleza, na fundi hawezi kulipanda kwa usalama. Kumdai amalize kwa siku tatu, mvua ikiendelea, kungekuwa kumwonea.

Jumatano akajibu: "Marahaba mwanangu. Fundi atakuja kesho jioni."

Fundi hakutafuta tundu juu ya doa. Aliingia darini na tochi, akafuata alama za maji kwenye boriti hadi kwenye msumari mmoja karibu na kofia ya paa, kama mita mbili kutoka doa lilipokuwa. Mpira wa msumari huo, unaozuia maji kupita, ulikuwa umekauka na kupasuka. Hapo nilifurahi kwamba niliandika maji yanapodondoka, si nilipodhani tundu lipo.

Tarehe 23 jua lilitoka, akabadilisha msumari ule na mingine ya mstari huo. Fundi umeme naye akaja kuikagua taa. Ndoo niliiacha palepale kwa mvua mbili zilizofuata. Ilibaki kavu.