Alikuwa anabana, mimi nikidhani anasukuma

Miezi 5 nzima nilimwambia mwanangu, "Sukuma, babangu!" kumbe alikuwa anabana. Choo kikimjia, alijificha nyuma ya pazia la sebuleni, akasimama kwa ncha za vidole, akapishanisha miguu na kukaza matako mpaka jasho likamtoka. Alikuwa na miaka 3. Siku moja choo kigumu kilimchana, akatoka damu kidogo, na tangu hapo hakutaka tena. Choo kikikaa ndani hunyonywa maji, hivyo kila alipozuia, kilichofuata kilimuumiza zaidi. Na choo chetu cha kuchuchumaa alikihofia, akisema atatumbukia.

Jirani yetu hapa Kisauni alinishauri sabuni. Nilichonga kipande chembamba kama kidole cha mtoto, nikakilowesha, mamangu akamshika miguu, nami nikamtia kwenye tundu la haja. Kikatoka kibonge kikubwa kama yai, tukashangilia. Lakini tangu siku ile akiniona tu nachukua leso ile niliyomlaza juu yake, alikimbia akilia, na akakaa siku 9 bila haja. Sabuni huchoma ngozi laini ya ndani, na mtoto aliyekuwa akiogopa nilimpa sababu ya kuogopa zaidi. Naumia nikikumbuka.

Kisha chupi zikaanza kuchafuka majimaji, mara 4 au 5 kwa siku. Nikadhani anaharisha, nikamnyima mapapai. Daktari wa watoto akamuuliza maswali mamangu nami: choo cha kwanza kilitoka ndani ya siku 2 baada ya kuzaliwa? Anatapika? Anakua? Kisha akauweka mkono wangu chini ya kitovu, nikagusa bonge gumu. Majimaji yale yalikuwa yakipenya kando ya mzigo uliokwama. Utumbo ulikuwa umetanuka, hata mtoto hahisi yanapotoka.

Akampa unga wa makrogoli wa kukoroga kwa maji, dozi aliyoipima kwa kilo 14 zake. Siku za kwanza ilikuwa kubwa, kusafisha mzigo wote; kisha ndogo, ya kila siku, choo kibaki laini kama uji mzito. Dawa hii huvuta maji tu, haiuzoeshi utumbo uvivu. Maziwa tukayapunguza, alikuwa akinywa chupa 4.

Choo cha shimo tulikiacha. Tulinunua poti, na kigoda cha kuwekea miguu ili magoti yapande juu ya nyonga. Baada ya kifungua kinywa na chakula cha jioni, dakika 5 tu, akipuliza mapovu ya sabuni: anayepuliza hulazimika kukaza tumbo na kulegeza chini. Akitaka pampasi, nilimpa. Hakuna kukemewa, hata akichafua.

Mwezi wa 3 wa matibabu nilisimamisha dawa kwa kuona amepona. Baada ya wiki 2 alikuwa nyuma ya pazia. Tukaanza upya, na sasa ni mwezi wa 9, dozi tunaipunguza kidogo kidogo. Juzi nilimkuta ameketi kwenye poti peke yake, akipuliza hewa bila mapovu.