Nilivyojaribu kununua hisa za shaba chini ya bei ya soko

Hapa Lubumbashi, malori ya shaba yanayoelekea Kasumbalesa tunayaona kila siku, na mimi nilitaka hisa za kampuni ya shaba inayouzwa kwenye soko la New York. Hisa moja ilikuwa dola 42. Niliona ni ghali, nikaitaka kwa 40 au chini.

Kwa hiyo niliuza opsheni ya kuuza. Anayeinunua kwangu anapata haki ya kuniuzia hisa 100 kwa dola 40 kila moja, wakati wowote mpaka mkataba uishe, Ijumaa ya wiki ya tano. Dalali wangu alizuia dola 4,000 kwenye akaunti, ili siku ya kununua pesa iwepo. Soko lilipofunguliwa, saa tisa na nusu alasiri kwetu, wanunuzi wa mkataba huo walitoa dola 1.05 kwa kila hisa na wauzaji walitaka 1.20. Nilichagua Sell to Open, yaani kuuza mkataba mpya, nikaandika 1.10, nikapata dola 110 ambazo hazirudishwi. Makato ya dalali yalikuwa madogo, siyahesabu hapa.

Nilikuwa nimehakikisha mkataba unaisha kabla ya kampuni kutangaza hesabu za robo mwaka. Malipo ya opsheni yakiwa manono kupita kawaida, mara nyingi kuna tangazo mbele ambalo soko linaliogopa.

Shemeji aliniuliza, “Kwa nini usiweke tu oda ya kununua kwa 40?” Swali zuri sana. Oda hiyo hailipi kitu, lakini unaifuta bure ukitaka, na bei ikigusa 40 hata kwa saa moja unaweza kupata hisa. Mimi bei ingeshuka hadi 39 kisha ikapanda 43 mwishoni, ningebaki na dola 110 bila hisa. Ingefika 50, ningebaki na hizo hizo 110.

Shaba ikashuka duniani, na hisa ikafika 35 siku chache kabla ya mwisho. Kujitoa kungenilazimu kuununua mkataba wangu kwa 5.20, yaani dola 520, hasara ya 410. Nilikataa, kwa sababu hisa zenyewe nilizitaka. Jumamosi akaunti ilionyesha Assigned: hisa 100 zimeingia, dola 4,000 zimetoka.

Ukitoa yale malipo, kila hisa ilinigharimu 38.90, wakati soko lilikuwa 35. Hasara ya dola 390 kwenye karatasi. Anayenunua leo anapata kwa bei nafuu kuliko mimi, na kampuni ingefilisika ningepoteza karibu 3,900 zote. Zile 110 zinakinga dola 1.10 tu ya mporomoko kwa kila hisa, basi.

Hisa bado ninazo. Shemeji ameniambia niuze mkataba mwingine wa 35, lakini huo unadai dola 3,500 nyingine za kuzuiwa, na pesa iliyobaki ni karo ya watoto ya Septemba. Hiyo siiweki.