Gesi ilipoisha keki ikiwa motoni

Gesi iliisha keki ikiwa imekaa motoni dakika 20, na hakuna wakati mbaya zaidi ya huo. Keki imeshaumuka kwa nguvu ya baking poda, lakini mayai na unga bado havijashikana vya kutosha kuubeba mwinuko wenyewe. Joto likishuka ghafla hapo, katikati inabonyea, na hata ukirudisha moto haiinuki tena. Nilinyoosha mkono nikachungulie. Shangazi akanishika kifundo: "Usifunue, mwanangu. Mchanga bado una moto."

Tulikuwa tumepanga kama anavyopanga siku zote. Sufuria kubwa nzito, ndani yake mchanga mkavu uliochekechwa, kina cha vidole viwili, uliopashwa moto dakika 10 kabla keki haijaingia. Juu ya mchanga aliweka kigae kidogo, na juu ya kigae sufuria ya keki: unga gramu 250, siagi na sukari gramu 150 kila kimoja, mayai 3, baking poda vijiko 2 vya chai na maziwa kidogo. Mchanganyiko uliishia nusu ya sufuria, maana nusu ya juu ni nafasi ya kuumukia. Kifuniko kilikuwa sinia zito la bati, na chini yake kitambaa cha pamba chenye ncha zilizokunjwa juu ya sinia, mbali na moto. Kitambaa hicho kinanyonya mvuke, la sivyo matone yanaidondokea keki na kuilowanisha juu.

Mchanga ndio uliotuokoa. Kuna wanaoweka maji badala yake, na mimi sikubaliani nao kabisa, kwa sababu maji yanapika kwa mvuke na keki inatoka laini, bila ganda. Mchanga unashika joto na kuliachia polepole, kwa hiyo tulikuwa na dakika chache za kuhama bila keki kushtuka.

Uani kulikuwa na jiko la mkaa lililokuwa limebandikwa chakula cha jioni. Shangazi alikiipua, akaacha jikoni makaa machache yaliyokwisha kufunikwa na majivu meupe. Mengine aliyatoa kwa koleo akayaweka pembeni kwenye karai. Hakutaka makaa mapya, kwa kuwa yanapanda moto kwa kasi, yanatoa moshi, na yanaunguza chini kabla juu hakujaiva. Tukaibeba sufuria wawili, taratibu, bila kuitikisa, naye akafunga kidirisha cha jiko ili hewa iingie kidogo tu.

Baada ya hapo alinusa. Mara ya kwanza harufu ilikuwa ya mayai na siagi mbichi. Ilipogeuka ikawa ya sukari inayoanza kukolea rangi, saa ilionyesha dakika 40 tangu keki iingie, na ndipo aliponiruhusu kufunua. Kingo zilikuwa zimeanza kuachana na sufuria. Katikati palitikisika kidogo sana, na juu kote kulikuwa kweupe, kunang'aa kwa unyevu. Moto wa chini peke yake, uwe wa gesi au wa mkaa, huiacha keki hivyo. Ukiung'ang'ania mpaka juu kukauke, chini kutakuwa kumeungua.

Aliondoa kitambaa, kwani kingeungua kwa alilotaka kufanya, akarudisha sinia na kupanga juu yake makaa ya kwenye karai, mengi ukingoni, machache katikati. Jikoni aliacha matatu tu. Kisha alinyunyiza chembe za unga kwenye nafasi iliyobaki kati ya makaa, akatazama. Unga ukiwa mweusi papo hapo, moto ni mkali na makaa yapunguzwe. Ukibaki mweupe, yaongezwe. Wetu ulianza njano, ukaenda taratibu hadi rangi ya kahawia. Akatikisa kichwa kukubali.

Dakika 12 baadaye tulilinyanyua sinia likiwa limenyooka, majivu yasije yakamwagikia keki. Juu kulikuwa na rangi ya asali. Nilichoma njiti katikati ikatoka kavu, na nilipobonyeza kwa kidole palirudi juu. Tuliiacha ipoe dakika 10 ndani ya sufuria yake, tukapitisha kisu kingoni na kuipindua. Chini kulikuwa kahawia sawasawa, isipokuwa duara moja lililokolea zaidi pale sufuria ilipogusa kigae.

Tangu siku ile, hata mtungi ukiwa umejaa, keki naianza kwenye gesi yenye moto mdogo kabisa, na inapofika nusu saa nawasha mkaa uani, upate muda wa kushika majivu kabla haujapanda juu ya sinia.